Barua yangu ya kurasa nne nusura ituponze

Mgeni wetu alianguka saa mbili na robo usiku, kwenye ngazi tatu zinazopanda kutoka bwawani kwenda mkahawani. Mama wa makamo kutoka Nairobi, miguuni ndara, begani taulo. Mkono wa kulia ulivunjika karibu na kiganja. Hospitali walimfunga plasta usiku uleule, nami saa sita nikawa nimerudi ofisini hapa Diani, moyo ukidunda, nikaanza kuiandikia kampuni yetu ya bima, ile bima ya dhima kwa umma, inayobeba madai ya wageni wanaoumia kwetu.

Huwa najisifu kuwa najua kuandika. Basi niliandika! Kurasa nne. Kwamba taa ya ngazi iliungua, kwamba fundi wetu ni mzembe, kwamba "hoteli inakiri kosa lake na itagharamia matibabu yote". Nilishapanga na nakala nimpe yule mama, ajue sisi ni waungwana.

Asubuhi nilimsomea wakala wetu wa bima kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Bwana meneja, kwani wewe ndiye wakili wa huyo mama?"

Akaniambia nifungue mkataba kwenye masharti. Sikuwa nimeyasoma tangu yaingie kwenye faili. Yameandikwa waziwazi: mwenye bima atoe taarifa bila kuchelewa, na asikiri kosa, asiahidi wala asilipe chochote kabla kampuni haijaridhia kwa maandishi. Ukikiri wewe, umewafungia mlango wa kujitetea, na wao wamepata pa kushikilia wakikataa kulipa.

Lakini mtu kaumia nyumbani kwako, utamnyamazia? Hapo nilizunguka chumba kama mara kumi, mpaka nikagundua kwamba Kiswahili kilishanitatulia. Kumwambia mtu "samahani" ni kusema nimekukosea. "Pole" unampa hata aliyejikata na kisu chake mwenyewe. Kwa Kiingereza yote mawili ni "sori" tu, na barua yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza! Nilimpelekea mama pole, matunda na chumba cha chini kisicho na ngazi. Alipouliza nani atalipa bili ya hospitali, elfu themanini na kitu, nikamjibu kweli tupu: nimeitaarifu bima, wao ndio watakaoamua.

Meneja mwenzangu wa hoteli ya jirani naye alinishauri nisiandike kabisa hadi mgeni adai. Ushauri wa ovyo. Kenya mtu ana miaka mitatu ya kufungua kesi ya jeraha kama hili. Kufikia hapo mhudumu aliyeshuhudia atakuwa keshaajiriwa Doha, na kampuni itauliza siku zote hizo nilikuwa wapi.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu, namba ya mkataba wa bima. Kisha tarehe, saa, mahali, jina la mgeni na chumba chake, alichoumia kwa maneno ya daktari, na majina ya walioona. Taa sikuificha, maana kuficha ni kosa jingine. Niliandika hivi: "Taa iliyo juu ya ngazi ya pili haikuwa ikiwaka. Mara ya mwisho kuandikwa kuwa inawaka ni jana yake saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye daftari la ukaguzi. Taa mbili za ukutani zilikuwa zikiwaka." Basi. Nani mwenye kosa, hilo si la barua hii.

Sasa ile balbu. Fundi alishapanda ngazi yake alfajiri kuibadilisha, nikamkuta nayo mkononi akielekea pipani. Nilimpigia kelele kama mwizi! Nikaifunga kwenye bahasha, tukaandika tarehe, tukatia saini sote wawili. Ngazi niliipiga picha usiku uliofuata saa mbili na robo, balbu mpya imelegezwa isiwake, mlinzi akizuia watu, na futi ya seremala imesimamishwa kando kuonyesha kimo cha kila kidato. Picha za kamera nilizihamishia kwenye flashi siku hiyohiyo, kwani rekoda yetu hujifuta kila baada ya wiki mbili.

Mkaguzi wa bima alipokuja alikaa dakika arobaini tu. Miezi mitano baadaye ikaja barua ya wakili wa mama. Mkono uliniwasha kuijibu, lakini niliipiga muhuri wa kupokelewa nikaipeleka kwa kampuni siku ileile bila kuongeza neno. Walielewana wenyewe. Sisi tulilipa ile sehemu ya kwanza ya dai ambayo mkataba unatuachia.

Balbu bado iko kwenye droo yangu. Fundi akiingia ofisini huitazama kwanza kabla ya kunisalimia.