Nilivyopima kumbukumbu ya betri za nikeli-kadmiamu, na kwa nini dawa yake haikufaa kwa lithiamu

Mwaka 2008 nilikuwa fundi wa redio za upepo katika ghala moja mjini Tanga, na malalamiko niliyokuwa nikiyapokea mara nyingi zaidi yalihusu betri. Walinzi walichukua redio saa kumi na mbili jioni zikiwa zimechajiwa tangu asubuhi, lakini kufika saa saba au saa nane usiku nyingi zilikuwa zimekwisha kujizima. Kila betri ilikuwa pakiti ya seli sita za nikeli-kadmiamu, yenye jumla ya volti 7.2 na ujazo wa miliampea-saa 1,200, kiasi ambacho kwa matumizi yao kilipaswa kutosha hadi alfajiri.

Mkuu wa walinzi, mzee aliyetumia redio hizo kuliko mimi, alikuwa na jibu lake tayari. "Fundi," aliniambia, "betri hizi zina kumbukumbu. Zimezoea kutumika nusu, sasa zinatoa nusu." Nilimjibu kwamba nitapima kwanza. Nilikuwa nimesikia maneno hayo tangu mafunzoni, na nilikuwa nimesikia pia mafundi wenye uzoefu wakiyakana kabisa, wala hakuna upande ulionionyesha kipimo.

Nililehemu rezista tatu za omu 10, kila moja ya wati 5, zikafuatana na kuwa mzigo mmoja wa omu 30. Kwa volti 7.2 mzigo huo unavuta takriban miliampea 240, yaani moja ya tano ya ujazo wa betri, hivyo pakiti nzima iliyojaa inapaswa kuchukua karibu saa tano kuisha. Kisha nilitaka kujua redio yenyewe inajizima kwenye volti ngapi. Niliiunganisha na kifaa cha umeme kinachorekebishika, nikashusha volti polepole hadi ikazima, na mita ikasoma volti 6.6. Namba hiyo ndiyo iliyonifungulia suala zima, ingawa siku ile sikuitambua uzito wake.

Pakiti ya kwanza niliyoipima ilianza vizuri, ikakaa kidogo juu ya volti 7.2, kisha baada ya saa mbili na dakika kumi ikashuka hadi 6.6. Kwa redio, hapo ndipo mwisho. Lakini rezista haina mahali pa kujizimia, nami niliendelea kuandika volti kila baada ya dakika kumi na tano. Betri haikuanguka. Ilitulia kwenye volti 6.5 hivi, ikakaa hapo kwa zaidi ya saa mbili nyingine, na haikufika volti 6.0, nilipokuwa nimepanga kusimama, mpaka saa nne na dakika ishirini na tano zilipotimia. Nilipojumlisha mkondo na muda nilipata takriban miliampea-saa 1,000. Umeme uliodhaniwa kupotea ulikuwa bado ndani ya betri, ila ulikuwa ukitoka kwa volti ya chini kuliko ile ambayo redio iko tayari kuipokea.

Ukigawanya kwa seli sita, jambo linakuwa wazi. Seli nzima ya nikeli-kadmiamu hutoa takriban volti 1.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake. Seli za pakiti ile, baada ya nusu ya safari, zilikuwa zikitoa karibu volti 1.08, yaani pungufu ya sehemu kama kumi na mbili za mia moja ya volti. Upungufu huo ni mdogo katika seli moja, lakini mara sita unashusha pakiti kutoka 7.2 hadi chini ya 6.6. Laiti redio ingekuwa imetengenezwa kujizima kwenye volti 6.0, ambayo ni volti 1.0 kwa kila seli, mlinzi asingegundua tatizo lolote.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kuhusu alichokiona, lakini chanzo alichokitaja sikukubaliana nacho. Kumbukumbu kwa maana yake finyu ilitambuliwa katika betri za satelaiti miaka ya 1960. Satelaiti inayozunguka karibu na dunia huingia kivulini kila baada ya dakika tisini hivi, hutumia sehemu ileile ya betri, kisha huchajiwa tena na jua, na hurudia hivyo mara maelfu bila tofauti. Baada ya marudio hayo, seli ilishuka volti karibu na mahali palepale ilipozoea kuishia. Ili hali hiyo itokee, marudio yanatakiwa kulingana sana, na maisha ya kawaida hayana ulinganifu huo. Usiku mmoja mlinzi anaongea sana, usiku wa pili anasikiliza tu. Redio zangu hazingeweza kukumbuka kiwango ambacho hakikujirudia.

Kilichojirudia kila siku kilikuwa kuchaji kupita kiasi. Chaja zetu zilikuwa za kawaida, zinazotoa miliampea 120 bila kujua betri imejaa au la. Pakiti iliyotumika nusu huhitaji karibu saa saba kwenye chaja ya namna hiyo, nazo zilikaa saa kumi na mbili, na redio za akiba zilikaa siku nzima, zikiwa na joto mkononi. Seli inapochajiwa hivyo kwa muda mrefu, fuwele za kadmiamu kwenye bamba hasi hukua na kuwa kubwa, eneo linalogusana na kimiminika hupungua, na katika mabamba yaliyotengenezwa kwa unga wa nikeli uliogandishwa kwa joto, sehemu ya kadmiamu huungana na nikeli na kufanya mchanganyiko wa metali unaotoa umeme kwa volti ya chini zaidi. Ndiyo maana volti ilikaa katika ngazi mbili, ya juu kwanza na ya chini baadaye. Mafundi wengi huita hali hii kumbukumbu, na sina ugomvi na jina, mradi anayelitumia ajue kwamba tiba yake huanza kwenye chaja.

Hali hiyo hurekebishika. Pakiti ile niliishusha hadi volti 6.0, nikaichaji kwa miliampea 120 kwa saa kumi na nne, kisha nikaipima tena. Mara ya pili ilifika volti 6.6 baada ya saa tatu na dakika ishirini, na mara ya tatu baada ya saa nne na dakika kumi. Sikuendelea zaidi, kwa sababu mzunguko wa nne kwenye pakiti nyingine uliniongezea dakika chache tu. Hapa pana hatari ambayo naisisitiza, kwa kuwa niliona walinzi wakifunga betri kwenye balbu ya tochi na kuiacha hadi asubuhi. Seli sita hazilingani kamwe. Iliyo dhaifu huisha kwanza, na tano zilizobaki huendelea kuusukuma mkondo ndani yake hadi ncha zake zigeuke, chanya ikawa hasi. Seli iliyogeuzwa hivyo huharibika, na mita iliyofungwa kwenye pakiti nzima haitakuonyesha. Baada ya kupoteza pakiti moja kwa njia hiyo, nilianza kufungua maganda na kupima kila seli peke yake, nikisimama mara ya kwanza yoyote kati yao inapogusa volti 1.0.

Wala si kila pakiti fupi ilikuwa na ugonjwa huo. Moja ilitoka kwenye chaja ikisoma volti 6.7 badala ya zaidi ya 8, na nilipoifungua nikakuta seli moja ikiwa sifuri kabisa, nyuzi za kadmiamu zikiwa zimepenya na kuunganisha mabamba ndani kwa ndani. Nyingine ilianguka kutoka 6.6 hadi 6.0 kwa dakika sita tu, bila ngazi ya pili, na kwenye kingo za seli zake palikuwa na unga mweupe wa kimiminika kilichovuja na kukauka. Hizo mbili hazikuponywa na mzunguko wowote. Tofauti iko katika kile kinachofuata baada ya redio kujizima: volti ikitulia kwenye ngazi ya chini kuna matumaini, ikiporomoka umeme haupo.

Kwa nyingine zote nilifunga swichi ya saa kwenye chaja, na malalamiko yakapungua.

Mwaka 2015 tukabadilisha redio, na betri mpya zikawa za lithiamu, seli mbili, volti 7.4, miliampea-saa 1,800. Hapa ndipo nilipokosea. Kwa miaka saba nilikuwa nimewafundisha walinzi kumaliza betri kabisa mara moja kila mwezi, na sikuwaambia waache. Pakiti moja ilimalizwa, ikawekwa kwenye droo, na ilipotolewa baada ya miezi kadhaa kila seli ilisoma chini ya volti 2. Chaja iliikataa, na ilikuwa sawa kuikataa, kwa sababu seli ya lithiamu ikikaa chini hivyo, karatasi ya shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na kuichaji tena kunaweza kuzaa shoti.

Baada ya miaka miwili nilirudisha rezista zangu mezani. Pakiti ya lithiamu iliyochukua saa saba na dakika kumi ilipokuwa mpya kufika volti 6.0, sasa ilichukua saa tano na dakika thelathini na tano. Niliifanyia mizunguko mitatu kama ile ya zamani, nikapata 5:35, 5:35 na 5:30. Hapakuwa na ngazi ya pili ya kuigundua. Volti ilishuka kwa mteremko uleule wa awali, ila ilianza chini kidogo na kufika mwisho mapema, na chini ya volti 6.0 iliporomoka palepale.

Sababu ni kwamba katika seli hizi lithiamu yenyewe hupungua. Juu ya bamba la kaboni kuna utando mwembamba unaojijenga tangu chaji ya kwanza, na bila huo seli isingedumu. Lakini utando huendelea kunenepa polepole, ukinyonya lithiamu ambayo haitarudi kazini na kuongeza ukinzani wa ndani. Joto huharakisha jambo hilo, na kukaa betri ikiwa imejaa huliharakisha pia, hata kama haitumiki. Chumba chetu cha walinzi kilikuwa na paa la bati, na betri zilikaa kwenye chaja zikiwa na volti 8.4 mchana kutwa.

Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi, pamoja na wenzao wa maabara za Toyota, walionyesha kumbukumbu ndogo katika lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, hasa inapochajiwa nusu nusu. Ni tofauti ya milivolti chache. Kwa kuwa volti ya aina hiyo ya betri karibu haibadiliki kwa sehemu kubwa ya safari, tofauti hiyo inaweza kupotosha kipimo kinachokadiria chaji iliyobaki, lakini ujazo wa betri haupungui kwa sababu yake.

Seti ya pili ya betri niliihamishia chumba chenye kivuli. Betri za zamu huchajiwa kuanzia saa nane mchana, na za akiba huhifadhiwa zikiwa na takriban volti 7.5. Baada ya miaka miwili pakiti ya seti hiyo ilichukua saa sita na dakika ishirini kwenye rezista zilezile. Huenda ilitoka kiwandani ikiwa bora kidogo, kwa hiyo nimeanza kuandika tarehe na muda wa kipimo cha kwanza juu ya kila pakiti kabla sijaikabidhi kwa mlinzi.