Maneno matatu mwanzoni mwa kichwa cha barua pepe

Ofisi yetu ni ndogo, tuko saba, kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Mwaka jana barua pepe yangu yenye kichwa "Kuhusu kontena" ilikaa kwa bosi siku tatu haijafunguliwa. Ndani nilikuwa nauliza: mteja hajamaliza kulipa, tumlipie ushuru mzigo utoke, au tumsubiri? Siku za bure zikaisha, gharama za kuhifadhi zikaanza kuhesabiwa. Nilipomfuata akanionyesha simu yake. "Dada, hapa ningejuaje?" Kweli, barua nne kwenye kioo zilianza na "Kuhusu".

Tukakubaliana maneno matatu: HATUA, UAMUZI, TAARIFA. Wiki ya kwanza niliyaweka mwishoni mwa kichwa, simu ikayakata yasionekane. Sasa yanatangulia:

```
UAMUZI kabla Alh 10:00: tulipie ushuru, kontena la vigae?
```

Naandika 10:00 kwa sababu kuna mwenzetu aliyesoma "saa 4" akaiingiza kwenye kalenda ya simu kama 16:00. Mstari wa kwanza wa barua unabeba swali lenyewe, na nitakachofanya nisipojibiwa: "Nikikosa jibu, nasubiri mteja alipe."

Kilichotusumbua zaidi ni HATUA. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu alikuwa anaiandika, hata kwenye tangazo la chai ya Ijumaa, na ikitumwa kwa watu saba hakuna anayeshika. Tukaweka sharti: HATUA ifuatwe na jina la mtu mmoja, wengine wapate nakala tu. Ukishindwa kutaja jina, basi hiyo ni TAARIFA.

Tatizo jingine lilijificha kwenye majibu. Bosi anajibu "lipia", lakini kichwa kinabaki "Re: UAMUZI" na watu wanaendelea kujibizana humo, mpaka jambo lililokwisha linaonekana bado linasubiri. Siku hizi anayeamua ndiye anayebadilisha neno: UAMUZI unageuka "HATUA Juma: lipia ushuru leo". Kwenye Gmail ukibadilisha kichwa mazungumzo yanakatika na kuanza upya, kwa hiyo naunakili uamuzi kwenye mstari wa kwanza ili Juma asirudi kutafuta nyuma. Ni usumbufu kidogo, ila nauvumilia.

Mwanzoni tuliyafunga maneno kwa mabano ya mraba. Utafutaji wa Gmail hauyajali mabano hayo, hivyo `subject:uamuzi` iliniletea pia barua za wateja zenye "uamuzi wa forodha". Tukayaacha mabano, na kichujio changu kikaongezewa anwani za wenzangu wa ofisini.

Wateja hawana habari na mambo haya, wanaandika "Habari za leo" kama kichwa. Hao nawaandikia kichwa upya mimi mwenyewe kabla sijaifowadi kwa bosi. TAARIFA anazisoma Ijumaa jioni, nyingine hazisomi kabisa. Za UAMUZI anajibu akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, mara nyingi neno moja: "Lipia."