Nilivyopanga bei ya kutafsiri kitabu cha pampu kutoka Kirusi

Mfanyabiashara mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, aliniletea kitabu cha maelekezo ya pampu kutoka Urusi, kurasa 23 zilizoskaniwa, anataka Kiswahili kwa ajili ya mafundi wake. Akauliza, "Dada, ukurasa shilingi ngapi?"

Nilimwomba anipe hadi kesho yake. Ukurasa wa kitabu si kipimo, maana mmoja umejaa maandishi tupu na mwingine una mchoro na maneno machache. Kwa Kirusi mimi hufuata kipimo kinachotumika hukohuko Urusi: herufi 1,800, nafasi zikiwemo, ndiyo ukurasa mmoja wa hesabu. Skani huwezi kuihesabu moja kwa moja kwenye Word, kwa hiyo nilichukua ukurasa mmoja wa kila aina, nikazidisha idadi ya mistari kwa wastani wa herufi za mstari. Kurasa 15 za maandishi zilikuwa na herufi kama 3,000 kila mmoja, 4 za majedwali 1,800, na 4 za michoro 450. Jumla 54,000, yaani kurasa 30 za hesabu.

Muda niliupima kwa kutafsiri kipande cha katikati, penye hitilafu na namna ya kuzitengeneza. Utangulizi hudanganya, ni mwepisi mno. Huku katikati Kirusi hupanga nomino nne tano mfululizo bila kitenzi, na vifupisho vinahitaji kutafutwa. Ukurasa wa hesabu ulinichukua saa nzima. Kwa hiyo saa 30 za kutafsiri, 6 za kupitia upya, na 4 za kupanga majedwali. Saa 40 kwa shilingi 15,000 ni 600,000, sawa na 20,000 kwa ukurasa wa hesabu. Kwa siku sivuki saa tano za kazi ya namna hii, kwa hiyo ni siku nane. Niliandika kumi ili nipate nafasi ya kumuuliza fundi majina ya vipuri.

"Punguza basi, dada." Kiwango sikukigusa, ila nilimwonyesha kwamba kurasa tatu za maandishi ni za dhamana na usafirishaji, fundi hazimhusu. Tukaziondoa: kurasa 5 za hesabu, shilingi 100,000. Naona hiyo ndiyo njia ya haki ya kupunguza, kila upande unajua kilichotoka.

Katika barua ya bei niliandika hivi: shilingi 500,000 kwa kurasa 25 za hesabu, maneno ya michoro yatakaa kwenye jedwali chini ya mchoro, mchoro hauchorwi upya, namba za GOST, yaani viwango vya Urusi, zinabaki kama zilivyo, pasiposomeka patawekewa alama, marekebisho mara moja yamo ndani ya bei, nusu inalipwa kwanza, na siku kumi za kazi zinahesabiwa kuanzia malipo hayo. Kwa kuwa analipa kupitia kampuni, nikataja pia kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 25,000, ambayo kampuni hukata kwenye malipo yangu, ili nimdai na cheti cha makato hayo.