Nilidhani ni harara, kumbe ni septrini

Naishi na virusi vya UKIMWI. Nilipoanzishiwa septrini, CD4 yangu, yaani chembe za kinga ya mwili, ilikuwa 84. Kidonge cha miligramu 960 kila siku, kunikinga na nimonia. Siku ya tisa, nipo kwa mama Wete, kifua na mgongo vikajaa vipele vyekundu vinavyowasha. Mama akasema harara, joto la kaskazi hilo. Moyo wangu ukakataa, nikaenda kituoni.

Muuguzi alinifunua midomo, akanitazama macho, akanipapasa ngozi. "Una homa, mwanangu? Malengelenge? Vidonda mdomoni?" Sina. "Ungekuwa navyo, dawa hii usingeigusa tena maisha yako yote." Tukasimamisha septrini, ARV nikaendelea nazo. Upele ulipokauka nikapimwa wingi wa damu, nikapewa dapsoni miligramu 100 kwa siku badala ya septrini. Septrini ina salfa ndani yake, basi kadi yangu imeandikwa kwa wino mwekundu: MZIO WA SALFA. Kila ninapotibiwa naitoa kwanza.

CD4 ilipofika 210 nilijiona mzima, nikaomba kuacha. Daktari akakataa, nami namshukuru. Dapsoni nimeachishwa mwezi uliopita tu, CD4 imepita 350 na virusi havionekani kwenye kipimo. ARV zinaendelea.