Kivuli kilichopungua: nilivyojenga taharuki katika katuni ya sekunde 40

Hadithi yenyewe ni fupi. Usiku, msichana yuko kitandani, macho makavu. Taa inawaka kwenye korido, mlango uko wazi, lakini kitanda kimekaa ubavuni mwa mlango, kwa hiyo haoni korido. Anachoona ni ukuta wa mbele yake tu. Kitu kinakuja, na kivuli chake kinaanguka kwenye ukuta huo. Mwishoni tunagundua ni mdogo wake wa kiume, amejitwika kigoda kichwani miguu ikiangalia juu, anaburuta blanketi. Ameogopa kulala peke yake.

Nilitaka mtazamaji asimtambue mtoto mpaka sekunde ya 33. Rasimu ya kwanza, niliyoitengeneza kwa programu ya Blender kwa fremu 24 kwa sekunde, ilimtoa mtoto hadharani kwenye sekunde ya 12. Rafiki niliyemwonyesha alisema palepale, "Si mtoto huyo, amebeba kigoda?" Sekunde 21 zilizobaki kufika ya 33 zikawa hazina kazi.

Nilichokuwa nimepanga ni kile ambacho wengi wetu hukipanga: kivuli kianze kidogo, kikue kadiri kitu kinavyokaribia, hadi kiumeze ukuta. Lakini taa yangu ilikuwa nyuma ya mtoto, na mtoto alikuwa anaiacha taa akiufuata ukuta. Katika hali hiyo kivuli hakikui, kinapungua. Ukubwa wake ni umbali wa taa hadi ukutani ukigawanywa kwa umbali wa taa hadi kwa mtoto. Kwangu ukuta ulikuwa mita 6 kutoka kwenye taa. Mtoto akiwa mita 1 kutoka kwenye taa, kivuli ni mara 6 ya umbo lake. Akifika kizingitini, mita 4 kutoka kwenye taa, ni mara moja na nusu tu.

Nilijaribu kudanganya. Nilimkuza mtoto kidogo kidogo kwa siri kila alipopiga hatua, maana kamera haimwoni. Kivuli kilikua kweli, ila kilionekana kama picha inayovutwa, na nyayo zake hazikulingana tena na sauti ya hatua. Macho ya mtu yameishi na vivuli tangu utotoni. Hata asiyejua kanuni anahisi kuna kitu hakikai sawa. Nikaachana na ujanja huo, nikaanza kujiuliza kivuli kinachopungua kinaweza kunipa nini.

Jibu lilikuwa kwenye kingo zake. Taa yenye upana hutoa kivuli chenye kingo za ukungu, na ukungu huo ni mpana zaidi kitu kikiwa karibu na taa na mbali na ukuta. Rasimu ya kwanza nilikuwa na taa ndogo mno, `Radius` yake, yaani nusu ya upana wake kwa mita, ikiwa 0.01, ndiyo maana miguu ya kigoda ilichorwa ukutani kama kwa kalamu. Nikaipandisha hadi 0.1, yaani taa yenye upana wa sentimita 20. Sasa mtoto akiwa mita 1 kutoka kwenye taa, ukungu wa kingo una upana wa kama mita 1. Yeye na kigoda chake wana urefu wa mita 1.2, kwa hiyo kivuli kingekuwa na zaidi ya mita 7: kinapita dari, hakina umbo, ni giza tu linalopumua ukutani. Akifika kizingitini ukungu umebaki sentimita 10, na kivuli kina mita 1.8.

Hapo ndipo tukio lilipogeuka. Hofu haikutoka tena kwenye ukubwa. Giza lisilo na umbo lilikuwa linajikusanya, linapata mabega, halafu vitu vinne virefu juu ya kichwa. Linapungua, lakini linazidi kuwa kitu. Kwangu hilo linatisha kuliko kivuli kinachokua, kwa sababu mtazamaji mwenyewe ndiye anayekazana kukisoma.

Kilichobaki ni kujua nikate wapi. Nilitoa picha tuli za fremu mbalimbali, nikawaonyesha watu watatu ambao hawakuijua hadithi, kila mmoja peke yake, nikiuliza tu, "Unaona nini?" Kwenye fremu ya 520 walisema hawajui. Kwenye ya 600 wawili walisema pembe, mmoja vidole. Kwenye ya 660 mmoja alisema kiti. Nikakata kwenye fremu ya 624, kivuli kikiwa na pembe na bado hakina kigoda, nikaenda kwenye uso wa msichana. Kuanzia hapo ukuta hatuuoni tena.

Kwa kuwa kivuli kinapungua, kazi ya kusema "kinakaribia" niliiachia sauti. Nilijiwekea sharti moja: kila sauti ya kinachokaribia itoke kwa mtoto yule au vitu vyake. Nilirekodi blanketi likiburutwa sakafuni, kandambili, na mguu wa kigoda ukigonga fremu ya mlango. Sauti ya mburuto inaanza sekunde 3 kabla ya kivuli chochote. Mwanzoni niliipunguza masafa ya juu ili isikike kama imepita ukutani, kisha nikayarudisha taratibu kadiri anavyosogea. Vipindi kati ya hatua havilingani: anatembea, anasimama kukiweka sawa kigoda, anaendelea. Kusimama huko ndiko kulikowakaza watu zaidi ya hatua zenyewe. Muziki niliuondoa wote, kwa sababu ulikuwa unamwambia mtazamaji aogope kabla hajapata sababu.

Hapa nilikwama mara moja. Kwenye spika za simu hatua zile za mbali hazikusikika kabisa, kwa kuwa spika ndogo hazitoi vizuri masafa ya chini, na hayo ndiyo pekee niliyokuwa nimeyabakiza. Niliacha mkwaruzo mwembamba wa kandambili upite bila kuchujwa, kwa sauti ndogo sana, na tatizo likaisha.

Kosa jingine lilikuwa ukimya. Nilipokata ghafla sauti ya nyenje na saa ya ukutani, mtazamaji mmoja aligusa waya wa vipokea sauti akidhani umechomoka. Nikazishusha pole pole kwa sekunde 2 badala ya kuzikata, nikabakiza pumzi ya msichana.

Uso wake niliushikilia kwa muda tofauti tofauti. Sekunde 1 ilipita kabla watu hawajaanza kungoja. Sekunde 5 ziliwafanya waanze kukagua mchoro, nywele, mto. Nilibaki na fremu 60, sekunde mbili na nusu, bila msichana kupepesa jicho. Kinachosogea ni mboni tu, zikifuata kitu upande wa mlango, na zikishuka. Zinashuka kwa sababu aliyeingia ni mfupi. Ndiyo dalili pekee niliyoitoa, na wengi huiona wakirudia kutazama.

Halafu "ko", kigoda kinawekwa chini. Nilikuwa nimepanga kukata hapo na kumwonyesha mtoto. Lakini picha ikija kabla ya sauti, watu walishtuka kisha wakacheka, na mtoto mwenye hofu akageuka kichekesho. Nikatanguliza sauti yake fremu 10, tukiwa bado kwenye uso wa dada: "Dada, umelala?" Mabega ya msichana yanashuka, na ndipo tunamwona mtoto amekaa kwenye kigoda chake, blanketi hadi kidevuni, nyuma yake ile taa ya korido ikiwaka.