Nilivyotengeneza cheklisti ya imani potofu za mekanika kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi wangu

Nafundisha fizikia, na kilichonifanya nianze hii cheklisti ni mwanafunzi mmoja ambaye hesabu za mwendo alikuwa anazipata karibu zote. Ukimwambia mpira umerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde, anakutolea sekunde 1.2 mpaka kileleni na urefu wa mita 7.2, fasta tu. Siku moja nikamwambia achana na hesabu, nichoree mishale ya nguvu zilizopo kwenye huo mpira ukiwa bado unapanda, na upinzani wa hewa tusiuhesabu. Akachora mshale mrefu wa kwenda juu akauandikia "nguvu ya mkono", halafu mfupi wa kwenda chini, "uzito". Nikamuuliza, mkono uko wapi saa hizo? Akasema, "Mkono umeshaachia mwalimu, ila nguvu yake bado imo ndani, la sivyo mpira ungepandaje?"

Nilikaa na hilo jibu siku nzima, maana ni jibu lenye mantiki kabisa. Mwanafalsafa Jean Buridan kule Paris karne ya 14 alieleza kitu cha namna hiyohiyo, kwamba mrushaji anaacha msukumo ndani ya kitu na huo msukumo ndio unaokipeleka. Kwa hiyo mwanafunzi hakuwa mvivu wala asiyesoma, alikuwa na nadharia yake kamili na hesabu zangu hazikuwahi kuigusa, kwa sababu kwenye fomula unaweka namba tu, hakuna sehemu inayokuuliza unaamini nini.

Basi nikakusanya madaftari ya darasa zima pamoja na majibu ya majaribio ya nyuma, nikaanza kunakili makosa kwa maneno yao wenyewe, sikuyarekebisha lugha. Nilitegemea nipate makosa ya kila aina lakini mengi yalikuwa ni imani moja imevaa nguo tofauti: kitu kikienda upande fulani lazima kuna nguvu inakisukuma upande huo, na kikisimama basi nguvu imeisha au zimelingana. Hiyo ndo nikaipa nafasi kubwa kwenye cheklisti.

Kutunga maswali ndiko kulinichukua muda. Maswali yangu ya kwanza yalikuwa marefu na yana namba, wanafunzi wakaona namba wakakimbilia fomula na sikujua chochote kipya. Nikaweka masharti mawili. Swali liwe la mstari mmoja bila namba, na kabla sijalitoa niandike pembeni jibu potofu ninalolitegemea na imani inayolizaa, nikishindwa kuliandika swali linatupwa maana halipimi kitu.

Swali la kwanza: *Mpira umerushwa wima juu. Pale kileleni kabisa, jumla ya nguvu ina mshale wa kwenda wapi?* Wengi sana walisema hakuna, ni sifuri, "zimelingana ndio maana umesimama". Hapa sikuwaambia wamekosea, niliwauliza kama nguvu ni sifuri na mpira umesimama, ni nini kitautoa pale? Kitu kilichosimama na hakina nguvu ya ziada kinabaki kimesimama, hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton na wote wanaijua kwa kichwa. Darasa likakaa kimya kidogo, mmoja akasema basi ungening'inia hewani. Ndipo tukarudi kwenye namba, tukachukua mvuto kuwa 10 ili iwe rahisi. Sekunde ya 1.0 mpira una kasi ya mita 2 kwenda juu, ya 1.2 una sifuri, ya 1.4 una mita 2 kwenda chini. Kila sekunde 0.2 kasi imebadilika kwa 2 kuelekea chini, kabla ya kilele na baada ya kilele, haikupumzika hata kidogo. Mpira wa kilo 0.2 una mshale mmoja tu wa niutoni 2 kwenda chini, wakati unapanda, kileleni na wakati unashuka. Kilichokuwa sifuri ni kasi, na kasi sio nguvu.

Swali la pili nililiweka makusudi lionekane halihusiani: *Lifti inapanda kwa kasi isiyobadilika. Mvuto wa kamba ni mkubwa kuliko uzito wa lifti, mdogo, au sawa?* Nilishaandika pembeni "mkubwa, maana inapanda", na ndivyo walivyojibu, hata baadhi ya walioelewa mpira. Lifti ya kilo 500 ina uzito wa niutoni 5000, na ikishatulia kwenye kasi yake kamba inavuta 5000 zilezile (msuguano tumeuacha). Inapoanza tu kuondoka, kasi ikiongezeka kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, hapo ndio inavuta 5500. Zile 500 za ziada zinaibadilisha kasi, haziitunzi. Ukiwa na swali la mpira peke yake unaweza kudhani mtu kaelewa kumbe kakariri habari ya mipira, lifti ndo inakuonyesha kama imani yenyewe imeguswa.

Kwenye sheria ya tatu ya Newton nina swali la lori kugongana na gari dogo, nani anamsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi. Kila mtu anasema lori. Nguvu ni sawa, ila lori likiwa na masi mara kumi basi kasi ya gari dogo inabadilika mara kumi zaidi, na hicho ndicho macho yanakiona. Tatizo la hili swali ni kwamba linakaririka haraka mno, wiki inayofuata wote wanasema "sawa sawa" kwa sauti moja. Kwa hiyo nikaongeza la kufuatia: *Kitabu kimetulia mezani. Uzito wake na nguvu ya meza kukisukuma juu, je ni jozi ya sheria ya tatu?* Wakariri wote wanasema ndiyo kwa sababu ziko sawa na zinapingana. Lakini zote mbili ziko kwenye kitabu kimoja, wakati jozi ya sheria ya tatu inakaa kwenye vitu viwili, mwenzi wa uzito wa kitabu ni kitabu kuivuta dunia. Bila hilo la kufuatia ningeendelea kuweka tiki mahali ambapo hapajaeleweka.

Baadaye nilikuja kujua kuna jaribio zima la namna hii alilotoa David Hestenes na wenzake mwaka 1992 kuhusu dhana ya nguvu, la kuchagua majibu, na majibu potofu yamewekwa kwa kukusudia. Ni zuri, ila mimi bado napenda mishale ya kuchora, maana kwenye kuchagua mtu anaweza kubahatisha, mshale wa "nguvu ya mkono" hauwezi kubahatishwa.

Maswali nayatoa kabla sijaanza mada, halafu wiki tatu hivi baada ya kuimaliza nayarudia kwa sura nyingine. Yule mwanafunzi wa mpira nilimpa boksi lililosukumwa likaachiwa, linateleza sakafuni. Akachora uzito chini, sakafu inasukuma juu, msuguano kuelekea nyuma. Kalamu ikaenda upande wa mbele, ikakaa pale muda kidogo bila kuchora, kisha akaandika tu: "mkono ulishaachia".