Siku moja na mafaili ya bondi, ofisi ya mafunzo, Tabora

Saa mbili kasoro nishafika ofisini, bodaboda kanichelewesha kidogo. Kazi ya leo ni mikataba ya ufadhili wa masomo, kila mkataba natoa vitu vitatu naviingiza kwenye rejista: bondi, yaani kipindi cha kumtumikia mwajiri baada ya kusomeshwa, ni muda gani, inaanza lini, na mtu akiondoka kabla haijaisha anarudisha nini.

Saa mbili na nusu kaka mmoja wa idara nyingine ananiibukia, kapata kazi sehemu nyingine anataka aondoke tarehe 9 Januari 2026. "Dada, mimi si nimeshamaliza bondi?" Nikafungua rejista, kweli, imeandikwa miezi 36, kaanza 9 Januari 2023, kwa hiyo anamaliza tarehe 8, kesho yake yuko huru. Nilikuwa nishaanza kutabasamu jamani.

Ila mimi rejista peke yake siiamini, niliwahi kuumbuka. Nikaenda masijala kuchukua faili.

Saa nne, chai na chapati, faili mkononi. Mkataba hausemi miezi 36 popote! Unasema atatumikia "mara mbili ya muda wa masomo". Aliyejaza rejista aliona kozi ya miezi 18 akazidisha mwenyewe, sawa, lakini huko mbele folio ya 41 kuna nyongeza ya mkataba, masomo yaliongezwa miezi 6. Yakawa 24, bondi ikawa 48. Na inaanza siku aliyoripoti kazini baada ya masomo, sio siku ya mahafali, hiyo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo naitafuta kwenye barua yake ya kuripoti, nakuta ni ile ile 9 Januari 2023. Tarehe hiyo iko D14, nikaweka miezi 48 kwenye F14:

```
=EDATE(D14,F14)-1
```

Ikatoka 8 Januari 2027. Mwaka mzima zaidi.

Saa sita nasoma kifungu cha marejesho taratibu, maana hapa neno moja linabeba hela. Kingesema "gharama zote" angelipa zote hata kama kabakiza wiki. Chake kinasema kulingana na muda uliobaki, na gharama wametaja ada na posho tu, mshahara wa kipindi cha masomo haumo, basi siuingizi. Jumla milioni 8. Kabakiza miezi 12 kati ya 48, robo, milioni 2.

Saa nane nikamuita nikamwonyesha folio yenyewe, na sahihi yake chini. Akakaa kimya weee, halafu, "Sasa dada, naruhusiwa kulipa kwa awamu?"

Nikarudi kwenye kifungu. Kuna siku 30 za kulipa, awamu haijatajwa kabisa, haijakatazwa wala haijaruhusiwa. Kwenye rejista sikuandika "hapana", nimeandika "mkataba uko kimya", nikampeleka kwa bosi.

Saa tisa na nusu nimerudi masijala, nataka mafaili yote yenye nyongeza.